Kuhamisha Njia ya Nywele Kwenye Picha

Mwalimu mmoja wa Tanga alipigwa picha studio wiki aliyoagwa kazini. Picha ilitoka vizuri: macho yametulia, blauzi imekaa sawa, mwanga umemwagika laini usoni. Binti yake alipoletewa, aliiangalia kwa muda, kisha akamwambia fundi, "Kaka, mama hachani hivi." Siku ile msusi alikuwa amepitisha njia ya nywele upande wa kulia wa kichwa, na mama huyo ameizoea upande wa kushoto tangu watoto wake hawajazaliwa. Alikuwa ameshasafiri kwenda Mwanza, kwa hiyo kurudia picha hakukuwezekana. Familia ilitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni, na ombi lao likawa moja: njia ihamishwe.

Anayesikia ombi hilo kwa mara ya kwanza hufikiri ni kazi ya dakika tano. Unakata nywele, unazigeuza, unabandika. Ukifanya hivyo utapata picha ambayo kila mtu ataikataa bila kujua kwa nini. Watasema mama amevaa wigi, au kichwa kimepinda, au mwanga haueleweki. Jicho la mtu wa kawaida halijui kutaja kosa, lakini hulitambua haraka, kwa kuwa kila siku linatazama vichwa vya watu chini ya jua na chini ya taa.

Kabla ya kugusa chochote, fundi makini huuliza kwanza kama picha yenyewe imegeuzwa. Simu nyingi huhifadhi picha ya kujipiga jinsi kioo kinavyoonyesha, na filamu za zamani zikiwekwa kifudifudi kwenye skana hutoa sura iliyogeuka. Kosa hili ni la siku nyingi. Picha mashuhuri ya Billy the Kid, mhalifu wa Marekani wa karne ya 19, ilipigwa juu ya bamba la chuma, na mabamba ya namna hiyo hutoa sura kama ya kwenye kioo. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba alitumia mkono wa kushoto. Kilichowafumbua macho ni bunduki aliyoishika: mlango wa kutilia risasi wa Winchester ya 1873 uko upande wa kulia, lakini pichani umeonekana upande wa kushoto. Katika picha ya kawaida, ushahidi wa namna hiyo hutafutwa kwenye maandishi ya nguo, vifungo, saa ya mkononi, au kidoti cha shavuni. Picha ikiwa imegeuzwa, dawa yake ni kuigeuza yote, na kazi imekwisha. Ya mwalimu haikuwa hivyo. Herufi za beji aliyoibandika kifuani zilisomeka sawasawa.

Kuanzia hapa, nikisema kushoto na kulia, nina maana ya kushoto na kulia kwa anayeitazama picha. Njia ya msusi ilikuwa kushoto, nasi tunataka iende kulia.

Ukiitazama kwa karibu, njia ya nywele haifanani na mstari uliochorwa juu ya kichwa. Ni bonde jembamba lenye kingo mbili. Chini kabisa kuna ngozi, na kila upande nywele zinachomoza, zinasimama kidogo, kisha zinalala kuelekea upande wake. Ukishaliona hivyo, mengine yote yanafuata. Bonde lina kina, kwa hiyo lina kivuli. Kivuli kina upande, na upande huo huamuliwa na mahali taa ilipo. Ukilihamisha bonde bila kuhamisha hesabu ya mwanga, umeleta jua la pili kwenye picha yenye jua moja.

Basi kazi ya kwanza ni kuitafuta taa. Ndani ya macho ya mwalimu kulikuwa na nukta nyeupe ya mwanga, juu upande wa kushoto wa kila mboni. Kivuli cha pua kiliangukia kulia. Taa, kwa hiyo, ilikuwa juu kushoto. Fundi akafungua dirisha la Info ndani ya Photoshop, akapima mwangaza wa paji la uso sehemu mbili, akichagua ngozi safi isiyo na mng'ao wa mafuta. Kushoto ilisoma 168 na kulia 118, kwa kipimo ambacho 0 ni giza tupu na 255 ni weupe tupu. Upande wa kulia una kama asilimia 70 ya thamani ya upande wa kushoto. Ngozi ya kichwa kwenye njia ya zamani ilisoma 180, kwa hiyo kwenye njia mpya ilipaswa kuanzia karibu na 126. Usiichukue hesabu hii kama sheria ya fizikia, maana utosi na paji havielekei upande mmoja. Inakupa mahali pa kuanzia, na inakuzuia usichukue rangi ya njia ya zamani na kuibandika ilivyo upande wenye giza. Hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi katika kazi za haraka: mstari unaong'aa mahali ambapo hakuna mwanga wa kuung'arisha.

Shida sasa iko kwenye nywele. Tunahitaji nyuzi zinazoelekea upande mwingine, na nyuzi hizo tunazo, ila ziko upande usiofaa. Tukizigeuza kwa Edit > Transform > Flip Horizontal, mwelekeo unakuwa sawa lakini mwanga wake unakuja kinyume, kwa sababu mng'ao uliokuwa kushoto sasa uko kulia. Njia nzuri ninayoijua ya kutoka hapo ni kuitenganisha picha katika matabaka mawili, moja la mwanga na jingine la nyuzi. Unanakili picha mara mbili. Nakala ya chini unaitia ukungu kwa Filter > Blur > Gaussian Blur mpaka nyuzi zipotee lakini umbo la mafungu ya nywele libaki. Ya juu unaifungulia Image > Apply Image, unachagua nakala ya chini kama chanzo, unaweka Subtract, Scale 2 na Offset 128, kisha unaibadilisha iwe Linear Light. Vipimo hivyo ni vya picha ya biti 8. Ukimaliza, picha inaonekana kama ilivyokuwa mwanzo, ila sasa nyuzi ziko juu peke yake na mwanga uko chini peke yake.

Kwa picha ya mwalimu, ukungu wa pikseli 12 ulitosha. Kichwa chake, chenye upana wa kama sentimita 15, kilichukua pikseli 1,800, yaani pikseli 12 kwa kila milimita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye picha hii, basi, unywele mmoja haufiki hata pikseli moja na nusu. Kumbuka namba hiyo utakaposhika brashi. Anayechora unywele kwa brashi ya pikseli 5 anamchorea mama nyuzi zenye unene wa karibu nusu milimita, na hakuna kichwa chenye nywele hizo.

Kisha tabaka la nyuzi peke yake ndilo lililogeuzwa, tena si lote. Fundi alikata kuanzia mpaka wa nywele juu ya paji hadi karibu na utosi, akaacha pembeni mwa masikio na nje ya kichwa vilevile vilivyo. Alipogeuza kipande, hakikukaa sawa. Hakuna kichwa chenye nusu mbili zinazolingana, na mwalimu alikuwa ameinamisha uso kidogo. Kwa Edit > Transform > Warp alikivuta kipande mpaka kikafuata mviringo wa fuvu, akificha kingo zake kwa Layer Mask na brashi laini. Uso ukiwa umetazama mbele, kama huu, mbinu hiyo inafanya kazi. Uso uliogeuka robo tatu hauikubali, kwa sababu nywele za upande wa mbali zimefupishwa na umbali. Ukizigeuza zinakuja mbele zikiwa fupi na zimebanana.

Sasa kuna mabonde mawili yaliyovurugika. Tabaka la nyuzi linasema njia iko kulia, lakini tabaka la mwanga bado lina utepe mweupe kushoto, kivuli cha njia ya zamani. Kuufuta utepe huo ni rahisi kuliko unavyodhaniwa. Unazungushia eneo kwa Lasso, unachukua rangi ya nywele iliyo jirani, upande huohuo wa kushoto wenye mwanga wake, unaipaka kwa brashi kubwa laini, kisha unaitia ukungu kidogo. Usiisawazishe mno. Nywele zilizozoea kulala upande mmoja, zikichanwa kwenda upande wa pili, huinuka kidogo pale ambapo njia ilikuwa. Mwinuko mdogo ukibaki, wenye mng'ao hafifu juu yake, kichwa kinaaminika zaidi.

Bonde jipya ndilo lililochukua muda. Mahali pake palichaguliwa kwa kutazama picha za zamani za familia, ambazo ndizo zilizoonyesha alivyozoea kujichana: njia yake ilianzia juu ya upinde wa nyusi na kurudi nyuma ikielekea utosini, ikipinda kidogo kuingia katikati. Njia halisi haiko wima kama rula. Ncha ya kitana hutetemeka inapopita, nayo huacha vipembe vidogo vya milimita moja hapa na pale. Upana nao haulingani. Mbele, penye paji, nywele ni chache na ngozi inaonekana zaidi, kisha bonde linasinyaa kadiri linavyorudi nyuma, kwa sababu nywele zinazidi kusongamana na pia kwa sababu kamera inaliona kwa ulalo. Fundi alianza na upana wa milimita 2 mbele, karibu pikseli 24, akaufikisha sifuri kabla ya utosi. Rangi ya ngozi aliichukua kutoka njia ya zamani, akaishusha hadi kwenye ile 126 aliyoihesabu. Hakuichukua kutoka paji la uso. Ngozi ya kichwa imefunikwa maisha yote, haipigwi jua kama paji, na mara nyingi ina rangi tofauti. Pale mbele, rangi hizo mbili zinapaswa kuingiliana polepole kwa urefu wa sentimita moja hivi.

Halafu kivuli cha ndani ya bonde, ambacho wengi hukiweka kinyume. Taa iko kushoto. Akili ya haraka inasema upande wa kushoto wa bonde utakuwa na mwanga. Lakini ukingo wa kushoto umeipa taa mgongo, na uso wake wa ndani unatazama kulia, gizani. Ukingo huo ndio unaoizuia taa na kuangusha kivuli juu ya ngozi. Ukingo wa kulia unaikabili taa, kwa hiyo mashina ya nywele zake ndiyo yanayopata mwanga. Giza linakaa upande ule ule taa ilipo. Kwa mwalimu jambo hili lilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu nywele nyingi sasa zilikuwa zinalala kushoto, na wingi huo uliuinua ukingo wa kushoto. Karibu nusu ya bonde ikawa kivulini. Kabla ya hapo, njia ilipokuwa kushoto, ukingo uliokuwa karibu na taa ulikuwa wa upande wenye nywele chache, na ndiyo maana bonde la zamani lilikuwa wazi na jeupe.

Kivuli hicho hakipakwi kwa rangi nyeusi. Rangi yake hutolewa kwenye ngozi yenyewe iliyo kivulini, kama ile iliyo chini ya taya, kisha hupakwa kwenye tabaka la Multiply kwa nguvu ndogo, mara kadhaa. Nyeusi tupu juu ya ngozi ya kahawia hugeuka kijivu, na bonde huonekana kama limepakwa masizi.

Mizizi ndiyo inayoamua kama kazi imefaulu. Mwalimu alikuwa na nywele zenye dawa, zilizopakwa pia rangi nyeusi, na alikuwa hajarudi saluni kwa wiki tatu hivi. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Kila upande wa njia ya zamani kulikuwa na milimita 7 za nywele mpya, nyingi zikiwa na mvi, na zikiwa zimejikunja kwa sababu dawa haijazifikia. Njia inapohama, mvi hizo hazihami nayo kama mzigo. Kila unywele kichwani una mzizi wake mpya, ila wengi wamefunikwa na nywele za juu. Kwa hiyo pale bonde la zamani lilipozibwa, mvi zilitakiwa zifunikwe na nywele nyeusi zinazopita juu. Na pale bonde jipya lilipofunguliwa, kingo zake mbili zilitakiwa zionyeshe mvi kwa upana ule ule. Fundi asiyejua hili huacha njia mpya ikiwa na nywele nyeusi mpaka kwenye ngozi, na mtazamaji anaona wigi.

Hapa Clone Stamp ilisaidia, ikichukua mizizi ya njia ya zamani katika vipande vifupi vya milimita 4 au 5, kila kimoja kikizungushwa kidogo ili kisirudie sura ya jirani yake. Nywele mpya zilizojikunja zinasimama zaidi kuliko zile zilizonyooshwa, kwa hiyo chini yake kivuli kilikuwa kizito. Kila unywele pia hutoka ngozini kwa mshazari, ukiwa umeelekea kule unakolala. Ukiweka mizizi iliyosimama wima juu ya bonde, inaonekana kama mishono ya uzi. Mwisho, kwa brashi ya pikseli 1 yenye uwazi wa asilimia 30, fundi alivusha nyuzi chache juu ya bonde, zisizo na mpangilio, kwa kuwa hata msusi hodari huacha nyuzi kadhaa zinazokatiza. Mbele kabisa, penye mpaka wa nywele, aliongeza malaika, zile nywele fupi laini ambazo hazimalizii ghafla bali hufifia kwenye paji.

Panja la kulia lilikuwa na tatizo lake. Hapo awali lilifunikwa na nywele zilizolalia upande huo, na sasa lilikuwa wazi. Hakuna programu inayojua kilichokuwa chini ya nywele. Bahati nzuri mpiga picha alikuwa na picha nyingine ya dakika ile ile, ambamo mwalimu alikuwa amezirudisha nywele nyuma ya sikio, na mpaka wa panja ukaonekana. Bila picha kama hiyo, ungechukua panja la kushoto, uligeuze, na ulipunguzie mwanga. Lakini ni heri kuomba picha ya pili kabla ya kuanza, maana ndugu wa mtu huyajua mapanja yake kuliko fundi. Mama ambaye nywele zimerudi nyuma kwa miaka ya kusukwa upande mmoja hatakuwa na panja zinazofanana.

Kivuli cha paji nacho kilibadilika, na hiki husahaulika kuliko vyote. Fungu la nywele linalopita juu ya paji upande wa kushoto sasa liko kati ya taa na ngozi. Lazima liangushe kivuli. Karibu na mizizi, nywele zikiwa zimegusana na ngozi, ukingo wa kivuli ni mkali. Kadiri fungu linavyonyanyuka kutoka kwenye paji, ukingo unalainika na kivuli kinasogea kulia na chini, mbali na taa. Fundi alikiweka kwa Curves, akaficha yote kwa Layer Mask, kisha akakifunua kwa brashi ngumu kidogo juu na laini chini. Upande wa kulia alifanya kinyume, akaondoa kivuli cha fungu lililokuwapo, ila paji la huko likabaki na giza lake la kawaida la 118, kwa kuwa kulifunua hakulisogezi karibu na taa. Umbo la nje la nywele pia lilisukumwa kwa Liquify, milimita 3 juu upande wa kushoto na kidogo chini upande wa kulia, kwa sababu upande wenye nywele nyingi ndio unaosimama juu.

Kukagua kazi kuna mbinu chache zinazosaidia kweli. Unageuza picha yote kwa Image > Image Rotation > Flip Canvas Horizontal, na jicho lililochoka linaiona upya. Ukiipunguza iwe ndogo kama picha ya pasipoti, makosa ya mwanga yanajitokeza, maana nyuzi hazionekani tena na kilichobaki ni mgawanyo wa giza na mwanga. Kisha unaikuza hadi asilimia 200 na kutazama chembechembe. Sehemu zilizopakwa kwa brashi huwa laini mno, bila chembe za kamera, na kwenye chapa kubwa zinaonekana kama plastiki. Add Noise kidogo, bila rangi, huzirudisha zifanane na zilizobaki. Mwalimu alipogeuzwa, fundi aliona bonde jipya limenyooka mno mbele, akaongeza kipembe kimoja na nyuzi mbili.

Nywele zote hazikubali haya. Nywele fupi za kipilipili ambazo kinyozi amechonga njia kwa wembe ni rahisi zaidi. Vikunjo havina mwelekeo unaosomeka, unaziba mfereji wa zamani kwa vikunjo vya jirani na kuchonga mwingine, ukikumbuka tu kwamba kuta zake zimesimama wima na kivuli chake ni chembamba na kikali. Mistari ya nywele zilizosukwa ni habari nyingine. Kila mstari unashikana na jirani yake tangu paji hadi kisogoni, na kuhamisha mmoja ni kusuka upya kichwa kizima kwa brashi. Sijaona kazi ya namna hiyo iliyostahili muda wake.

Na kuna picha ambazo hazipaswi kuguswa hata kama nywele zinaruhusu. Picha ya pasipoti au ya kitambulisho inatakiwa imwonyeshe mtu alivyo siku aliyopigwa, na picha ya habari vilevile: mashindano ya World Press Photo huzikataa picha zilizoongezwa au kuondolewa vitu ndani yake. Picha ya sebuleni ni ya familia, na familia ndiyo iliyoomba. Fundi alimpa binti faili mbili, ile iliyohaririwa na ile ya awali, kila moja ikiwa na jina lake, ili siku wajukuu watakapotaka kujua siku ile mama alichanwaje, jibu liwepo.